Kodi za Mkopo na Namna ya Kuzitetea katika Uhakiki wa Wimbo

Katika idara zetu wimbo huhakikiwa aghalabu kama shairi. Mwanafunzi hutazama vina, mizani na taswira, kisha, iwapo amewahi kushika gitaa au kuimba kwaya ya sol-fa, huongeza neno moja juu ya muziki wenyewe. Neno hilo mara nyingi huwa hili: "Hapa mtunzi amekopa kodi ya maina ili kuonyesha huzuni." Mimi mwenyewe niliandika sentensi ya namna hiyo nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo. Mwalimu wangu aliirudisha kazi yangu akiwa ameandika maswali mawili pambizoni: Imekopwa kutoka kwa nani? Nawe umejuaje? Sikuwa na jibu hata la moja kati ya hayo.

Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo mawili. Sina nia ya kufundisha muziki wote. Nataka tu kuonyesha, kwa kuuchunguza wimbo mmoja hatua kwa hatua, ni ushahidi gani unaomruhusu mhakiki kuandika neno "mkopo", na ni wakati gani neno hilo halimfai.

1. Maana ya mkopo

Kodi, kama wapiga gitaa wanavyoiita, ni noti tatu au zaidi zinazolia pamoja; haina uhusiano na ile kodi inayotozwa na serikali. Tuchukue wimbo ulio katika A meja, yaani wimbo ambao makao yake, au do yake, ni A. Noti zake ni A, B, C#, D, E, F# na G#, ambapo alama # yaonyesha noti iliyopandishwa nusu toni. Sasa tuyaache makao palepale kwenye A, lakini tubadili tabia ya skeli iwe ya maina. Noti zitakuwa A, B, C, D, E, F na G. Msomaji ataona kwamba noti nne hazikubadilika hata kidogo. Zilizobadilika ni tatu tu: mi, la na ti, nazo zote zimeshuka nusu toni.

Basi A meja na A maina ni majirani wanaokaa nyumba moja na kutumia mlango mmoja. Wimbo wa meja unapoingiza kodi iliyojengwa kwa noti za maina, kisha ukaendelea na safari yake bila kuyahama makao ya A, hapo ndipo tunaposema kwamba modi zimechanganywa na kwamba kodi ile ni ya mkopo.

Sisi watu wa lugha tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Neno "kitabu" limetoka katika Kiarabu, lakini lilipofika kwetu liliingizwa katika ngeli ya ki-vi, likapata wingi "vitabu" na kukubali viambishi vyote vya ngeli hiyo. Asili yake ni ya kigeni, sarufi inayolitawala ni ya Kiswahili. Msemaji anayesema "vitabu vyangu vimepotea" hajahamia Kiarabu. Vivyo hivyo, kodi ya mkopo ina asili ya nje, bali mwendo wake hutawaliwa na wimbo uliompokea mgeni huyo. Wimbo ukiyahama makao yake na kufuata sarufi mpya, huo si mkopo tena, ni kuhama.

Kutokana na mfano huo twapata mambo matatu ambayo mhakiki hana budi kuyathibitisha: kwamba makao hayakuhama, kwamba noti ngeni zina asili inayotambulikana, na kwamba mwendo wa noti hizo waelezeka ndani ya wimbo. Jambo la nne, yaani uhusiano wa kodi na maneno, hufuata baada ya hayo matatu, wala halitangulii.

2. Wimbo wetu

Nimechagua wimbo uitwao "In My Life" wa kundi la Beatles kutoka Liverpool. Ulirekodiwa London mwezi wa Oktoba 1965 na kutolewa Desemba mwaka huohuo katika santuri iitwayo Rubber Soul. Nimeuchagua kwa sababu una kodi nne zenye noti zisizo za A meja, na kodi hizo nne si za aina moja. Mwanafunzi mwenye haraka ataziita zote mikopo, na atakosea.

Msemaji katika wimbo huu anakumbuka mahali na watu wa maisha yake. Baadhi ya mahali pamebadilika, pengine pametoweka. Baadhi ya watu wamekufa, wengine wangali hai. Mwishoni anamgeukia mpenzi mmoja na kumwambia kwamba yeye anampenda kuliko hayo yote.

Mstari wa ubeti hupita katika kodi hizi kwa mpango huu:

A – E – F#m – A7 – D – Dm – A

Herufi m yaonyesha kodi ya maina. Baada ya ubeti huja sehemu ya pili, yenye kodi hizi:

F#m – D – G – A
F#m – B – Dm – A

Noti zisizo za A meja zimo katika A7, Dm, G na B. Tuzitazame moja baada ya nyingine, tukianza na ile iliyo bayana zaidi.

3. Kodi ya Dm

Dm ina noti D, F na A. D na A ni mali ya wimbo. F ndiyo ngeni, kwani A meja ina F#. Kwa lugha ya sol-fa, la imeshushwa nusu toni.

Swali la kwanza: je, makao yamehama? Mtu aweza kudai kwamba yamehamia D, maana kodi ya A7 iliyotangulia ina kawaida ya kuiandalia D njia. Dai hilo si la kipuuzi, na mhakiki mwaminifu atalitaja. Lakini linashindwa na yanayofuata. D yenyewe haikai. Mara inageuka Dm, na Dm inarudi moja kwa moja A, ambapo mstari unatua. Mstari unaofuata unaanzia papo hapo kwenye A na kwenda E, kodi yenye G#, yaani ti ya A isiyoshushwa. Hakuna mahali D inapopewa nafasi ya kutulia kama mwenye nyumba. Makao hayakuhama.

Swali la pili: asili ya F ni ipi? Katika A maina, kodi ijengwayo juu ya fa ni D, F na A, yaani Dm hiihii. Asili imepatikana, nayo ni ya karibu kabisa.

Swali la tatu: F inakwenda wapi? Hapa ndipo penye ushahidi mzito kuliko wote, na ndipo wanafunzi wengi wanapopapita kimya. Tufuate sauti moja ya ndani kutoka A7 hadi mwisho wa mstari. Katika A7 kuna G. Katika D kuna F#. Katika Dm kuna F. Katika A kuna E. Tukiziweka pamoja twapata ngazi inayoshuka nusu toni moja moja: G, F#, F, E. F haikuanguka kutoka mbinguni. Ni kipandio cha tatu katika ngazi ya vipandio vinne, na mwisho wa ngazi hiyo ni so, noti iliyomo ndani ya kodi ya makao.

Kwa hiyo twaweza kuandika bila woga kwamba Dm ni kodi ya mkopo kutoka A maina. Tumeonyesha mwenye nyumba, tumeonyesha mgeni alikotoka, na tumeonyesha mlango aliotokea.

4. Noti moja, sababu mbili

Msomaji makini atauliza: ikiwa F ni ya mkopo kwa kuwa si ya A meja, mbona G iliyomo katika A7 haikuitwa ya mkopo? Nayo pia si ya A meja, nayo pia imo katika A maina.

Swali hili lafaa, kwa kuwa linatufundisha kwamba noti ngeni peke yake haithibitishi kitu. G ya A7 ina kazi yake maalumu. Imeongezwa juu ya kodi ya A ili kuitia hamu ya kwenda D, na hamu hiyo inatimizwa papo hapo: G inashuka kwenye F#, na D inafika. Kazi hiyo ya kuiandalia kodi nyingine njia yatosha kuieleza A7. Isitoshe, A7 ina C#, ambayo ni mi ya meja; mi ya maina ingekuwa C. Kuiita A7 mkopo kutoka A maina ni kuikanusha noti iliyo mbele ya macho yetu.

Sasa tuilinganishe na kodi ya G katika sehemu ya pili. Noti zake ni G, B na D. Noti ya G ni ileile, lakini hapa haikuongezwa juu ya kodi nyingine. Yenyewe ndiyo msingi. Wala haishuki kwenda F#. Kodi inayofuata ni A, na msingi wa kodi unapanda kutoka G kwenda A, toni nzima. Kodi hii haikumwandalia njia mwingine yeyote; imekuja kama jirani na kurudi nyumbani. Hiyo nayo ni kodi ya mkopo.

Je, imekopwa kutoka A maina? Hapa inafaa kupunguza sauti. Ti iliyoshushwa imo katika A maina, lakini pia imo katika modi ya Miksolidia, ambayo ni kama meja isipokuwa ti yake iko chini. Kodi ya G haina mi wala la, noti mbili ambazo zingeamua kesi. Kwa kuitazama peke yake hatuwezi kujua. Mhakiki anaweza kuandika kwamba ti iliyoshushwa ni ya mkopo, na kwamba kwa kuwa wimbo umekwisha kutumia noti nyingine ya A maina, yaani F, asili hiyo ndiyo yenye uzito zaidi. Asiandike zaidi ya hapo.

Kuna sharti jingine juu ya kodi ya namna hii. Zipo nyimbo nyingi za gitaa ambazo ti yake iko chini tangu mwanzo hadi mwisho. Katika nyimbo hizo kodi iliyo toni moja chini ya makao haikukopwa, ni mwenyeji. Njia ya kutambua ni kuhesabu. Katika "In My Life" kila mstari wa ubeti unapita kwenye E, na E ina G#. Ti ya juu ndiyo desturi ya wimbo huu, na G ndiyo inayoivunja desturi. Hakuna mkopo pasipo desturi.

5. Kodi isiyo ya mkopo

Tumebakiwa na B. Noti zake ni B, D# na F#. Noti ngeni ni D#, yaani fa iliyopandishwa nusu toni. Mwanafunzi ambaye amekwisha kuona mikopo miwili ataandika kwamba huu ni wa tatu. Lakini tuulize swali la pili: asili ya D# iko wapi? Katika A maina hakuna D#. Skeli ya maina ina D, sawasawa na meja. Jirani hakuwa na kitu hicho cha kukopesha.

Pengine mtu atajibu kwamba imekopwa kutoka modi ya Lidia, ambayo fa yake iko juu. Kweli ipo modi hiyo. Lakini tukikubali kukopa kutoka modi yoyote ile pasipo ushahidi mwingine, hakuna noti itakayotushinda, na neno "mkopo" litakuwa halina maana tena. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba B ina kazi iliyo sawa na ile ya A7: yenyewe huandaa njia, na anayeandaliwa ni E. D# hutamani kupanda nusu toni kufikia E.

Ajabu ya wimbo huu ni kwamba E haiji. Badala yake inakuja Dm. D# iliyotaka kupanda inashuka hadi D. F# inashuka hadi F. Kisha Dm inakwenda A, na D inashuka hadi C#, F hadi E. Kwa hiyo sauti mbili zinashuka sambamba, nusu toni kwa nusu toni: D#, D, C# na F#, F, E. Njia iliandaliwa kwa mgeni mmoja, akatokea mwingine, naye huyo ni Dm tuliyekwisha kumjua katika ubeti. Mhakiki akiziita B na Dm zote mikopo ataupoteza mshangao huu, maana hataona kwamba ya kwanza ilitoa ahadi na ya pili ikaibadilisha.

6. Kodi na maneno

Sasa ndipo tuna haki ya kuyasogelea maneno. Je, Dm ni huzuni?

Katika ubeti, Dm inaangukia kwenye mgeuko wa fikira. Mstari wa kwanza unasema kwamba kumbukumbu itadumu maisha yote, kisha unakiri kwamba baadhi ya mambo yamebadilika. D na Dm ziko mahali fikira hizo mbili zinapokutana. Katika mstari wa pili, walioondoka wako upande mmoja na waliobaki upande wa pili, na tena Dm iko kwenye kiungo. Katika sehemu ya pili, baada ya wafu na walio hai kutajwa, Dm inaingia pale msemaji anapojumlisha na kusema kwamba amewapenda wote. Na mara ya mwisho sehemu hiyo inapoimbwa, Dm hiyohiyo inaingia pale anapomwambia mpenzi wake kwamba yeye anampenda zaidi.

Mahali pawili kati ya hapo si pa huzuni, ni pa upendo. Dai la huzuni linakanushwa na maneno yenyewe. Lakini mahali pote pana jambo moja linalofanana: pana kiungo kati ya pande mbili, kati ya kilichodumu na kilichopita, kati ya wengi na mmoja. Twaweza basi kuandika kwamba katika wimbo huu Dm hutumika kama bawaba ya maana. Dai hilo ni dogo kuliko huzuni, lakini kila mahali linapojaribiwa linasimama.

Kipo kipimo ambacho wanaisimu wamekizoea. Ili kuthibitisha kwamba p na b ni fonimu mbili, twabadilisha sauti moja tu na kusikiliza: pata, bata. Mhakiki na afanye vivyo hivyo. Apige mstari wa ubeti akiiacha D bila kuigeuza Dm. Wimbo hautavunjika, D itarudi A salama. Kitakachopotea ni kile kipandio cha F, na pamoja nacho ule mgeuko uliokuwa kwenye kiungo cha maneno. Kilichopotea ndicho kilichokuwa kazi ya kodi, na hicho ndicho cha kuandikwa.

Asijaribu kuitetea hoja yake kwa nia ya mtunzi. Wimbo huu umeandikwa kwa majina ya John Lennon na Paul McCartney, na wawili hao walitofautiana waziwazi katika kumbukumbu zao juu ya nani aliyeitunga melodi. Ikiwa wenyewe hawakuafikiana juu ya mkono uliotunga, sisi hatuwezi kuijengea hoja juu ya moyo uliokusudia.

7. Namna ya kuandika

Nafunga kwa kuzilinganisha aya mbili. Ya kwanza ni ile ya mwanafunzi wa jana, nami nilikuwa mmoja wao:

"Mtunzi amekopa kodi za maina ili kuonyesha huzuni yake."

Ya pili yafuata hatua tulizozipitia:

"Katika rekodi ya mwaka 1965, mstari wa kwanza wa ubeti unaishia D – Dm – A. Makao ni A, kwa kuwa mstari unaanzia na kutua hapo. Noti ya F katika Dm ni la iliyoshushwa. Imekopwa kutoka A maina, na ni sehemu ya mteremko wa G, F#, F, E unaoanzia kwenye A7. A7 yenyewe si ya mkopo, kwani G yake inaiandalia D njia. Dm inaangukia kwenye kiungo kati ya kinachodumu na kilichobadilika, na kila inaporudi inakaa kwenye kiungo cha namna hiyo."

Aya hii inataja rekodi, kwa sababu mpiga gitaa mwingine aweza kuzibadili kodi za wimbo uleule. Inamwonyesha msomaji mahali pa kusikiliza, na inampa nafasi ya kupinga: akisikia kwamba makao yamehama, au kwamba sauti haishuki hivyo, anajua ni kiungo gani cha hoja atakachokivunja. Aya ya jana haikuweza kupingwa, kwa kuwa haikuwa imedai kitu cha kushikika. Maswali yale mawili ya pambizoni yalikuwa yakinidai jambo hilo tu.